Mtoto wa upasuaji: usimuulize mama swali la "ndiyo"

*"Shikamoo sista. Nimehamishiwa wodi ya watoto miezi miwili iliyopita, zamani nilikuwa wodi ya wazazi. Wiki iliyopita nilimwandaa mtoto wa miaka miwili na nusu kwa upasuaji wa ngiri, nikajaza fomu ya ukaguzi, tiki kila kisanduku. Mlangoni thieta wakamrudisha: alikuwa amekunywa uji alfajiri, na mama aliniambia hajala. Kesho kutwa nina watoto watatu wa ngiri. Nikague vipi kufunga kula, jina na ridhaa ili nijue kweli mtoto yuko tayari?"*
Muuguzi, hospitali ya wilaya

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza mwondolee lawama yule mama, maana yawezekana kabisa hakukudanganya. Ulimuuliza kama mtoto amekula, akakujibu hajala. Kwa akina mama wengi kwetu, kula ni ugali au wali. Uji mtoto hunywa, maziwa hunywa, chungwa hufyonza, na biskuti ni ya kumnyamazisha tu. Jibu lake lilikuwa sahihi, swali ndilo lililopinda. Tena mfikirie: amekesha, ana hofu, mbele yake kasimama mtu mwenye sare na kalamu mkononi. Swali lolote linalojibika kwa "ndiyo" au "hapana" atalijibu kwa neno analodhani unalitaka. Ndiyo maana fomu inaweza kujaa tiki na mtoto bado hayuko tayari. Katika yote nitakayokueleza hapa, shika hilo moja: uliza maswali ambayo mama hawezi kuyajibu bila kukusimulia kitu.

Tuanze na kufunga, kwa kuwa ndiko ulikokwama. Mtoto wa umri huo anafanyiwa ngiri kwa nusu kaputi. Dawa ya usingizi ikimshika, msuli unaobana mdomo wa tumbo la chakula hulegea, na kile kikohozi kinachomlinda asipaliwe hulala pamoja naye. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda hadi kooni kisha kikashuka mapafuni pamoja na tindikali yake. Uji una unga, na punje zikiingia kwenye njia ndogo za hewa za mtoto wa kilo 12 zinaweza kuziba pafu. Kwa hiyo waliomrudisha mtoto wako walifanya vyema.

Hesabu inayotumika sehemu nyingi ni ya 6, 4 na 2. Masaa 6 kwa chakula, maziwa ya kopo na maziwa ya ng'ombe. Masaa 4 kwa maziwa ya mama. Masaa 2 kwa kinywaji kinachopitisha mwanga, yaani maji, maji ya sukari, au chai ya rangi isiyo na maziwa. Uji, hata uwe mwepesi namna gani, uweke kwenye masaa 6. Maziwa ya ng'ombe nayo yanawapotosha wengi kwa sababu yanamiminika kama maji, lakini yakifika tumboni huganda na kuwa mabonge, ndiyo maana yanahesabiwa pamoja na chakula. Ya mama huondoka tumboni mapema zaidi. Kuhusu juisi, kipimo changu ni rahisi: imimine kwenye glasi, weka kidole nyuma yake. Kama kidole hukioni, hicho si kinywaji cha masaa 2. Juisi ya embe na ya parachichi zinaanguka hapo hapo. Ulaya, mwongozo wa mwaka 2022 wa wataalamu wa usingizi umeshusha vinywaji vinavyopitisha mwanga hadi saa 1 kwa watoto, na hospitali kadhaa zimeufuata. Wewe fuata ule uliokubaliwa na mtaalamu wa usingizi wa hospitalini kwako, usichanganye miwili kwenye orodha moja.

Sasa hapo ndipo kosa la pili linapozaliwa, nalo linaniumiza kuliko la uji. Muuguzi akishaumwa na mtoto mmoja aliyekula, wiki inayofuata anawaambia akina mama wote: "Kuanzia saa 2 usiku, hakuna kitu mdomoni." Anajiona salama. Lakini mtoto wa tatu kwenye orodha anaingia saa 5 asubuhi, na hapo amekaa masaa 15 bila hata maji. Mtoto wa kilo 12 anahitaji takribani mililita 44 za maji kila saa: mililita 4 kwa kila kilo katika kilo 10 za kwanza, na 2 kwa kila kilo katika zile mbili zilizobaki. Zidisha kwa 15, utapata mililita 660, zaidi ya ile chupa ya maji ya nusu lita. Mtoto huyo atafika thieta midomo imekauka, analia bila machozi, mishipa imenywea, na mwenzako atamchoma mara nne akitafuta pa kuweka kanula. Sukari nayo hushuka. Ukiona mtoto aliyekuwa akilia amenyamaza ghafla, amelegea na anatoka jasho la baridi, usifikiri amezoea wodi. Mpime sukari papo hapo, na ikiwa chini ya milimoli 3 kwa lita mwite daktari wakati huo huo.

Mwenye seli mundu ni hatari zaidi, maana kukauka kwenyewe kunaweza kumwanzishia maumivu makali. Huyo asikae na kiu hata kidogo. Omba apangwe wa kwanza, na umuulize daktari jioni ile kuhusu dripu, usisubiri asubuhi.

Kwa hiyo kila mtoto awe na saa zake, zikihesabiwa kurudi nyuma kutoka saa yake ya kuingia. Tuchukue watatu wako, tuseme wa kwanza anaingia saa 3 asubuhi na bado ananyonya. Chakula mwisho saa 9 usiku, ingawa kwa kweli atakuwa amelala tangu jioni, kwa hiyo hakikisha tu amekula vizuri kabla ya kulala. Kunyonya mwisho saa 11 alfajiri: muuguzi wa zamu ya usiku amwamshe mama saa 10 na nusu anyonyeshe kwa utulivu. Maji ya sukari mwisho saa 1 asubuhi, nusu kikombe hivi kinatosha. Wa pili anaingia saa 4 na nusu, huyo kinywaji chake cha mwisho ni saa 2 na nusu. Wa tatu anaingia saa 6 mchana, basi anaweza kunywa uji hadi saa 12 asubuhi na maji hadi saa 4. Kabla ya kumpa huyo wa tatu uji, zungumza na mtaalamu wa usingizi. Orodha husogea, mtoto wa kwanza akiwa na homa akaahirishwa, wa tatu anaweza kuitwa mapema, na ukiwa umemlisha bila wao kujua utarudi kule kule.

Na hizo saa ziandikwe vizuri. Mama akikwambia "alinyonya saa 2", ni ya usiku au ya asubuhi? Nimeona fomu ambayo muuguzi alisikia "saa 3", akaandika 3:00, mtaalamu wa usingizi akaisoma kuwa ni usiku wa manane, kumbe mtoto alikuwa amenyonya saa 3 asubuhi, muda mfupi kabla ya kuitwa. Saa zetu na saa za fomu zinapishana kwa sita. Uliza daima "ya usiku au ya asubuhi?", kisha andika kwa mtindo wa masaa 24: saa 3 asubuhi ni 09:00, saa 2 usiku ni 20:00.

Swali lenyewe liwe hivi: "Mama, kitu cha mwisho kabisa kuingia mdomoni mwake kilikuwa nini, na ilikuwa saa ngapi?" Ukijibiwa, endelea: "Usiku alipoamka akilia, ulimtuliza na nini?" Hapo ndipo titi hutokea, maana mama anayelala na mtoto hunyonyesha hata akiwa nusu usingizini na hahesabu kama amelisha. Halafu uliza: "Ulipokwenda msalani, ulimwachia nani?" Wodi zetu zina huruma nyingi. Mama wa kitanda cha jirani akisikia mtoto wa mwenzie analia kwa njaa humpa kipande cha andazi, naye hajui lolote kuhusu upasuaji. Ndiyo sababu jioni waambie akina mama wote wa chumba kile, si yule mmoja, na uweke karatasi ya Kiswahili kwenye kitanda: "Naenda kupasuliwa. Usinipe chochote bila kumuuliza nesi."

Baada ya maswali, tumia macho. Mmulike mtoto mdomoni kwa tochi. Tazama kola ya nguo, viganja, na chini ya mto. Mimi nimeshakuta bazoka ndani ya shavu la mtoto wa miaka minne ambaye kila mtu aliapa kuwa amefunga. Isingekuwa tochi, bazoka ile ingelala pamoja naye mezani, jirani na koo.

Ukigundua amekula, usifoke. Nakuomba sana hili. Mama amelipa nauli, ameacha watoto wengine nyumbani, na anajua akisema ukweli atarudishwa. Ukimgombeza mbele ya wenzake, akina mama wawili waliobaki watajifunza kuficha. Mshukuru kwa kusema, andika kitu gani na saa ngapi, piga simu thieta. Mara nyingi mtoto husogezwa mwisho wa orodha, na siku haipotei.

Masaa haya yote lakini ni ya mtoto mzima kiafya, kwa upasuaji uliopangwa. Ngiri ikinasa, yaani uvimbe ukawa mgumu, unauma akiguswa, haurudi ndani, na mtoto anatapika, hesabu ya 6, 4 na 2 haina maana tena. Tumbo lake halitoi chakula hata akifunga kutwa nzima. Likitokea usiku wa kuamkia upasuaji, huyo si mtoto wa orodha ya asubuhi tena, ni wa dharura. Mwite daktari usiku ule ule, na thieta waambiwe kwamba tumbo lihesabiwe limejaa.

Tuje kwenye jina. Zamani, katika hospitali ambayo sitaitaja, tulilaza mapacha wa kiume wa mwaka mmoja na nusu, Kulwa na Doto. Walizaliwa njiti, na watoto njiti hupata ngiri kuliko wengine. Kulwa alikuwa na ngiri, Doto alikuwa na maji kwenye korodani. Jina la baba moja, tarehe ya kuzaliwa moja, sura moja. Vitambulisho vya mkononi vilikuwa vimeisha, kwa hiyo tulibandika majina kwa plasta kwenye vitanda. Usiku mvua ilinyesha, dirisha likavuja, mama akawabadilishia vitanda ili aliyekuwa na mafua kidogo asilowe. Asubuhi nikamchukua mtoto kwenye kitanda cha Kulwa. Nilimuuliza mama, "Huyu ndiye Kulwa?" huku tayari nimembeba, naye akasema "Ndiyo, sista," akihangaika na khanga. Tulikuwa tumefika kwenye korido ndipo nikamuuliza, "Huyu wa leo anapasuliwa nini?" Akasimama. Akamfunua mtoto nepi, akasema, "Huyu ni wa maji." Miguu iliniishia nguvu. Tangu siku ile sijamtajia mzazi jina la mtoto kabla yeye hajanitajia.

Kwa hiyo huulizi "Huyu ni Hamisi?" Unasema, "Nitajie jina la mtoto, la baba yake na la babu yake." Unanyamaza, unasikiliza, ndipo unalinganisha na faili, fomu ya ridhaa na kitambulisho cha mkononi. Vitu viwili lazima vilingane: majina matatu, na namba ya faili au tarehe ya kuzaliwa. Namba ya kitanda haimo kabisa, sababu umeisikia. Kitambulisho kiwe mwilini, kimoja mkononi na kingine mguuni, kwa kuwa mkono utakaowekwa kanula mara nyingi hufunguliwa. Vikiisha, andika kwa kalamu isiyofutika kwenye plasta na uizungushe kwenye kifundo cha mguu, isibane. Mapacha wakilazwa pamoja, kila mmoja awe na rangi yake ya plasta, na neno PACHA liandikwe kwenye jalada la faili zote mbili.

Kuna mambo ya kwetu hapa ambayo fomu haiyajui. Mtoto aliyerithi jina la babu yake nyumbani huitwa Babu, na ukimwita Hamisi hageuki, kwa hiyo kutoitika kwake kusikutishe, na kuitika kwake kusikutulize. Wa miaka miwili huitika jina lolote akipewa pipi. Andika jina la nyumbani kando ya jina la faili, litawasaidia pia wanaomwamsha baada ya upasuaji. Halafu aliyemleta anaweza kuwa shangazi aliyemwandikisha kwa jina la baba mlezi, wakati kadi ya kliniki ina jina la baba mzazi. Majina yakipishana, simamisha kila kitu hadi yaeleweke. Na lipo la kadi ya bima: mara nyingine mtoto hutibiwa kwa kadi ya binamu yake. Mimi si askari wa bima, lakini faili hilo lina kundi la damu la mtoto mwingine na mzio wa mtoto mwingine. Muulize mama mahali pa faragha, kwa upole: "Kadi hii na faili hili ni la huyu huyu tangu mwanzo?" Akikwambia ukweli, mweleze daktari, na kundi la damu lipimwe upya.

Ridhaa sasa. Kazi ya kueleza upasuaji na kuomba ridhaa ni ya daktari anayepasua, au wa timu yake anayeujua upasuaji huo. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba mzazi ameelewa na karatasi inasema kile kile alichoelewa. Sahihi peke yake haikuambii hilo. Fomu nyingi zimeandikwa Kiingereza, mama anaonyeshwa pa kusaini, anasaini. Mwambie: "Mama, nieleze kwa maneno yako, leo mwanao anafanyiwa nini, na daktari alikuambia nini kinaweza kwenda vibaya?" Akijibu "wanamtoa uvimbe hapa, watamlaza usingizi, atakuwa na kidonda kidogo, panaweza kutoka damu au kuota usaha", yuko sawa. Akijibu "sijui, wameniambia nisaini", mrudishe daktari aje aeleze, hata kama thieta wameshapiga simu. Asiyejua kusoma asomewe fomu yote kwa lugha anayoielewa, aweke dole gumba, na shahidi asiwe mtu wa timu inayopasua.

Kwenye ngiri ya mtoto, suala la upande ni zito kuliko wengi wanavyodhani. Uvimbe hutokea mtoto akilia au akijikaza, akitulia hurudi ndani. Akishalala kwa nusu kaputi misuli imelegea, kinena cha kulia na cha kushoto vinafanana kabisa. Kitu pekee kinachomwambia mpasuaji afungue wapi ni alama iliyochorwa na karatasi iliyoandikwa mtoto akiwa macho. Kwa hiyo mwambie mama aonyeshe kwa kidole juu ya mwili wa mtoto, asitaje tu. Akiwa ameelekeana na mtoto, "kulia" anaoutaja unaweza kuwa wa kwake yeye. Daktari achore mshale kwa kalamu isiyofutika mama akiwepo, na wewe uuone mshale huo kwa macho yako kabla ya kuweka tiki.

Kwenye fomu, upande uandikwe kwa neno zima na kwa herufi kubwa: KULIA, KUSHOTO. Nimeshaona "ngiri, K." Yote mawili yanaanza na K, mdogo wangu. Na usiandike "uvimbe wa kulia" ukaishia hapo, maana msomaji mwingine ataelewa uvimbe unaotokea mtoto akilia. Andika "kinena cha upande wa KULIA".

Nani anasaini? Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, kwa hiyo anayemridhia ni mzazi au mlezi wake halali. Shida ni kwamba aliyeko wodini mara nyingi ni bibi au dada wa kazi. Hilo ligundue siku ya kulazwa, si asubuhi ya upasuaji. Uliza: "Wewe na mtoto ni nani kwa nani? Mama yake yuko wapi, baba yake yuko wapi?" Kama mzazi yuko mbali, daktari ampigie simu, mtumishi wa pili asikilize, wote wawili waandike na kusaini kwa utaratibu wa hospitali yenu. Kama mtoto hana mzazi anayepatikana, mwite afisa ustawi wa jamii mapema. Mama naye akikwambia "ngoja baba yake aamue", usimlazimishe asaini haraka. Mpe simu wazungumze, kwa sababu mama aliyesaini kwa kubanwa ndiye anayetoroka na mtoto alfajiri. Dharura ni habari nyingine: ngiri iliyonasa haisubiri mtu atoke safari. Daktari mwenye dhamana huamua na kuandika sababu, nanyi mnaendelea kumtafuta mzazi.

Yaliyobaki nitayapita haraka. Pima uzito mwenyewe, leo, kwa kilo, mtoto akiwa na nguo nyepesi, kwa sababu kila dawa ya usingizi inahesabiwa humo, na uzito wa kadi ya kliniki wa miezi mitatu iliyopita si uzito wake. Ukiandika 21 badala ya 12, dozi inakaribia mara mbili. Pima joto, sikiliza kifua. Kamasi nyepesi bila homa ni jambo la kuripoti, lakini homa, kikohozi cha makohozi au kifua kinachokoroma mpigie mtaalamu wa usingizi jioni, kwa kuwa huenda akaahirisha kwa wiki kadhaa na familia itajua kabla ya kumfungisha mtoto. Uliza kama kuna ndugu aliyewahi kupata shida na nusu kaputi. Kwa wa miaka mitano hadi saba, gusa meno, linalocheza liandikwe. Piko kwenye kucha hukisumbua kile kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, kwa hiyo waambie thieta waweke kwingine. Shanga na hirizi usizikate bila neno. Mweleze mama kwamba kitu kilichofungwa mwilini kinaweza kumbana au kumuunguza mtoto vikitumika vyombo vya umeme. Wengi huvua wenyewe na kushika mkononi. Asiyekubali, mwite mpasuaji wakubaliane pa kuisogeza.

Fomu unayojaza ina asili yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji mwaka 2008, na moja ya hospitali nane ilikojaribiwa ilikuwa hapa kwetu, Ifakara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo vya waliopasuliwa katika hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Lakini wagonjwa wa jaribio lile walikuwa wa miaka 16 na zaidi, watu wanaoweza kujitajia jina na kuonyesha wanapoumwa. Mtoto wa miaka miwili hawezi, kwa hiyo maswali yake yote yanapita kwa mama. Usikubali utaratibu wa kumwacha mama wodini na kumpeleka mtoto peke yake.

Nenda naye mpaka mlangoni, mama akimbeba mwenyewe. Hapo usimkabidhi mwenzako faili na kuondoka. Mwambie amuulize mama upya: jina la mtoto, la baba, la babu, anapasuliwa nini, wapi, aonyeshe. Wewe soma kitambulisho cha mguuni kwa sauti, mwenzako afuatilie kwenye faili na kwenye fomu ya ridhaa. Kisha mtajie saa ya kitu cha mwisho kilichoingia mdomoni, uzito, na mafua kama yapo. Mtoto mwambie ukweli mdogo anaoweza kuubeba: "Utalala, ukiamka mama yupo." Usimwambie mnaenda dukani. Na kabla hujarudi wodini, waachie wa chumba cha kuzindukia namba ya simu ya mama na mahali alipokaa, na uwaambie kama mtoto bado ananyonya, ili akizinduka na wakiridhika kwamba yuko macho sawasawa, mama aitwe ampe titi pale pale.